Faranga Zinapovuka Zisiweze Kurudi

Mazungumzo na wawakilishi wa jamii za mpakani, Rohero, Bujumbura

Juu ya kamari yenyewe hatutasema mengi leo. Tumekusudia kueleza njia ambayo fedha hupita kabla ya mchezo kuanza, kwa kuwa mtu aweza kupoteza kila kitu humo bila kucheza hata mara moja.

Mwezi Septemba 2019, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipiga marufuku biashara ya sarafu za kidijitali nchini, kwa hoja kwamba anayepata hasara humo hana wa kumlinda. Marufuku hiyo haikuondoa tamaa. Kijana humpa dalali faranga; dalali humpelekea sarafu kwenye pochi iliyomo simuni; naye huzihamishia kwenye anwani aliyopewa na tovuti ya kamari. Kati ya hao wote, dalali peke yake ndiye mwenye uso unaojulikana.

Tuanze na bei. Tuseme kijana ameweka bitkoini 0.002 siku ambayo bitkoini moja ni dola 60,000. Ameweka dola 120. Tovuti nyingine huzigeuza papo hapo kuwa dola, nyingine huacha salio likiwa bitkoini, na wachezaji wengi hawaulizi ni ipi. Kijana wetu salio lake limebaki bitkoini. Anacheza kwa bahati njema hata linafika 0.0022. Wiki hiyo bei inashuka hadi dola 50,000. Salio lake sasa ni dola 110. Ameshinda michezo, na amepoteza dola 10, kabla ya ada ya kutoa fedha. Wala mfano huu hatukuutia chumvi: Novemba 2021 bitkoini ilipita dola 68,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000.

Wajuzi hutujibu kwamba wao hutumia USDT, ambayo hufuata thamani ya dola. Ni kweli kwamba hapo mtikisiko wa bei hupungua sana. Lakini hatari ya pili, ambayo kwetu sisi polisi ndiyo nzito zaidi, inabaki palepale.

USDT husafiri katika mitandao mbalimbali, kama magari ya barabara tofauti. Anwani ya mtandao wa Tron, unaoandikwa TRC20, huanza na herufi T. Ya Ethereum, yaani ERC20, huanza na 0x. Na ya BEP20 huanza na 0x vilevile. Kosa hujificha hapo. Tovuti inapokea ERC20 tu. Mtumaji anaona ada ya BEP20 ni nafuu, anaichagua. Kwa kuwa anwani zinafanana, pochi haikatai. Sarafu zinafika kweli, lakini kwenye barabara ambayo tovuti haiitazami, na salio la mchezaji linabaki sifuri. Mwenye ufunguo wa anwani ile pekee, yaani tovuti yenyewe, ndiye awezaye kuzitoa. Ikikataa, hakuna wa kuilazimisha kutoka hapa.

Mtu akikosea namba kwenye fedha za simu, hukimbilia kwa wakala, na kampuni huweza kuzizuia zisipotolewa mapema. Katika sarafu hizi, muamala ukishathibitishwa hakuna karani wa kuufuta. Kampuni inayotoa USDT huweza kufungia anwani inapoombwa na vyombo vya dola, lakini mwizi huhitaji dakika chache tu kuzihamisha. Na bitkoini haina hata kampuni hiyo.

Pengine mtaona mshangao wa mwisho: tunaweza kuziona. Namba ya muamala, iitwayo TXID, ikiingizwa kwenye daftari la wazi la mtandao husika, huonyesha kiasi, saa na anwani zilikokwenda. Haionyeshi jina la mtu. Tunatazama faranga za mwananchi zikikaa mahali, nasi hatuna mkono wa kuzifikia.

Kwa hiyo aliyekwisha kupoteza tunamwomba asifute chochote. Aje na TXID, anwani aliyotumia, jina la mtandao aliouchagua, mazungumzo yake na dalali na risiti ya faranga alizolipa, kwa kuwa dalali aliyedanganya aweza kutafutwa hata kama sarafu hazirudi. Na atakapopigiwa simu na mtu anayedai kuzirudisha kwa malipo ya awali, au anayeuliza yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi, asilipe wala asiyataje, bali atuletee na namba hiyo ya simu.