Maneno ya Kufungua Mkutano wa Gavana wa Kila Robo Mwaka

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Merigi)



Leo tunazungumza juu ya maneno ya kwanza katika mkutano wa Gavana na wananchi. Kikundi kikiombwa kitoe mtu wa kukaribisha, mara nyingi huyo mtu humaliza dakika zake zote akitaja majina ya wakubwa. Saa ya maswali ikifika, akina mama wameshaondoka kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia.

Kwanza tujue tunamkaribisha nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 179, inasema Gavana ndiye mtendaji mkuu wa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 91, inataja mikutano ya wananchi kuwa njia mojawapo ya kushiriki. Haisemi ni lazima iwe kila robo mwaka. Lakini ripoti ya fedha ni lazima kila robo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 166, inaitaka hazina ya kaunti ipeleke ripoti hiyo kwenye bunge la kaunti na kuitangaza kwa watu, si zaidi ya mwezi mmoja baada ya robo kwisha.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Basi robo ya kwanza huisha 30 Septemba, na ripoti itoke kabla Oktoba haijaisha. Mkutano ukiitwa mwanzoni mwa Oktoba, tutasikia ahadi tu, kwa sababu hesabu bado. Ukiitwa Novemba, kuna karatasi ya kuulizia. Ndiyo maana mwenye kufungua ni lazima ataje robo gani inazungumzwa. Asipoitaja, kila mtu atajibu juu ya miezi anayoipenda.

Pili, aseme yapi yatajibiwa na yapi hayatajibiwa. Zahanati, maji, shule za chekechea na barabara za kaunti ni za Gavana. Kitambulisho, polisi na shule za msingi ni za serikali kuu. Bei ya majani na bonasi hutegemea soko la mnada la Mombasa na wakurugenzi wa kiwanda. Tunajua uchungu wa bonasi, lakini tukiiacha iingie, itakula mkutano mzima, na zahanati haitaulizwa.

Huu hapa mfano wa robo ya Julai hadi Septemba. Ukisomwa polepole hauzidi dakika tatu:

“Wazee wetu, akina mama, vijana, chamgei! Mheshimiwa Gavana, karibu Merigi. Wageni wote mlio meza kuu, tunawasalimu pamoja. Mtatajwa kila mmoja akipewa nafasi ya kusema.

Tumekutana kwa neno moja: kusikia pesa za kaunti zilizofika wadi yetu kutoka Julai hadi Septemba zilifanya kazi gani, na kazi gani imebaki. Mkutano uliopita tuliahidiwa mambo mawili: dawa za zahanati, na bomba la maji. Tutaomba Gavana aanze na hayo mawili kabla ya habari mpya.

Ya bonasi na kitambulisho tutayapeleka kwa wenyewe siku nyingine. Kila anayeuliza aseme jina la kijiji chake na swali moja. Anayetaka kuuliza kwa Kikipsigis aulize, karani atatafsiri. Karani ataandika swali, jibu, na tarehe tuliyopewa, kisha atatusomea kabla ya sala ya kufunga. Karibu, Mheshimiwa.”

Mmeona salamu ni ya wote. Tumsifu Yesu Kristo ni salamu yetu nzuri, lakini hapo mkutanoni kuna ndugu wa AGC na wengineo, na mkutano ni wa wadi nzima. Chamgei haimwachi mtu nje.

Yale mambo mawili ya zamani msiyabuni siku hiyo. Yatoeni katika daftari la karani la mkutano uliopita, na mumpe msimamizi wa wadi nakala siku chache mbele, ili maofisa waje na majibu. Mtu akishtukizwa mbele ya watu hujitetea, na jibu halipatikani.

Mtajuaje kama ufunguzi umefaulu? Tazameni daftari jioni. Kama lina tarehe na jina la ofisi itakayofanya kazi, mmefaulu. Kama lina “tutaangalia” tupu, bado. Hapo andikeni swali lile kama ombi rasmi, wanakikundi watie sahihi, mbaki na nakala. Vifungu vya 88 na 89 vya ile Sheria ya Serikali za Kaunti vinatupa haki ya kuomba, na kaunti ina wajibu wa kujibu bila kukawia.