Je, Kweli za Hisabati Hugunduliwa au Hubuniwa? Mpango wa Jibu la Mtihani Unaosimama juu ya Uthibitisho Mmoja

Mada hii inawahusu wakufunzi wenzangu wanaowaandaa wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mtihani wa falsafa ya hisabati. Swali la kama kweli za hisabati hugunduliwa au hubuniwa lina kawaida ya kujibiwa kwa namna moja: aya ya wahalisia, aya ya wafomali, aya ya waintuisheni, kisha hitimisho kwamba kila upande una hoja zake. Jibu hilo huwa halina kosa la wazi, lakini halipimi chochote, kwa kuwa mikondo hiyo mitatu haikukutanishwa juu ya jambo moja. Napendekeza mwanafunzi achague uthibitisho mmoja mfupi, auandike wote mwanzoni mwa jibu, kisha aulize kila mkondo unausoma vipi.

Uthibitisho ninaoupendekeza unahusu namba zisizo za uwiano, yaani zile zisizoweza kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili, mfano √2. Dai ni kwamba zipo namba mbili za aina hiyo, a na b, ambazo a ikipandishwa kwa kipeo b hutoa namba ya uwiano. Tuitazame √2^√2. Ama ni ya uwiano, ama si ya uwiano. Ikiwa ni ya uwiano, kazi imekwisha: a na b zote ni √2. Ikiwa si ya uwiano, tuifanye yenyewe kuwa a, na b iwe √2. Hapo tunapata:

(√2^√2)^√2 = √2^2 = 2

Namba 2 ni ya uwiano, kwa hiyo kwa vyovyote vile namba hizo mbili zipo. Mwanafunzi aliyesoma hisabati ya sekondari anaweza kuyaandika hayo kwa dakika tatu, na yanatosha kuibeba insha nzima.

Mhalisia hana shida na hoja hii. Kwake √2^√2 ina hali yake tayari, tuijue au tusiijue, na hoja imepita njia zote mbili bila kuhitaji kujua ipi ndiyo ya kweli. Muintuisheni anasita palepale penye maneno "ama ni, ama si". Mwaka 1908 Brouwer, Mholanzi, alidai kwamba kanuni hiyo ya ama-ama haitegemeki pale tunapozungumzia mambo yasiyo na kikomo. Kwake kusema kitu kipo ni kusema tunajua namna ya kukijenga akilini hatua kwa hatua, na uthibitisho wetu unatuacha bila kujua namba a ni ipi kati ya mbili.

Hapa ndipo mwanafunzi huteleza, kwa kudhani kwamba muintuisheni anategemea hisia, au kwamba analikataa dai lenyewe. Anachokikataa ni njia. Akiletewa a = √2 na b = log_2 9, ataridhika, maana √2 ikipandishwa kwa log_2 9 hutoa 3 kamili. Tena ni rahisi kuonyesha kwamba log_2 9 si ya uwiano: ingekuwa p/q, zote namba nzima chanya, basi 2^p ingekuwa sawa na 9^q, na upande mmoja ni shufwa, mwingine ni witiri. Dai ni lilelile, lakini safari hii namba zimekabidhiwa mkononi. Mwanafunzi akiziweka thibitisho hizi mbili bega kwa bega, ameshaeleza uintuisheni vizuri kuliko kwa ukurasa mzima wa maelezo.

Sasa kiini cha kupima. Mwaka 1930 Mrusi Kuzmin alithibitisha kwamba 2^√2 si ya uwiano, na zaidi ya hapo, kwamba haiwezi kuwa jibu la mlinganyo wowote wa polinomia wenye namba nzima. Kutoka hapo √2^√2 inafuata mara moja, kwa kuwa ndiyo kipeuo cha pili cha 2^√2: ingekuwa ya uwiano, mraba wake nao ungekuwa wa uwiano. Mwaka 1934 Gelfond na Schneider, kila mmoja kivyake, walitoa kanuni pana inayoijumuisha hali hiyo. Swali la kumbana nalo muintuisheni ni hili: mwaka 1929, √2^√2 ilikuwa na hali gani? Akisema haikuwa na hali yoyote, anadaiwa aeleze kwa nini Kuzmin hakuweza kufika kwenye jibu la kinyume. Akisema kwamba kanuni za kujenga namba zilikuwa zimeshalifunga jibu kabla ya mtu yeyote kulifikia, amekiri sehemu kubwa ya ugunduzi. Kwa maoni yangu, alama za juu ziko hapa, na ningependa mwanafunzi atumie karibu theluthi ya muda wake kwenye aya hii.

Ufomali unaweza kupewa nafasi fupi zaidi, ila uelezwe kwa haki. Si kweli kwamba Hilbert aliiona hisabati yote kuwa mchezo wa alama tupu. Kwake hesabu za vitu vyenye kikomo zina maana kamili, na ukomo usiofikika huongezwa kama nyenzo, kwa sharti kwamba ithibitishwe kuwa hautaleta mkinzano. Kwa hiyo angeukubali uthibitisho wetu wa kwanza, kwa sababu ya usalama wa mfumo mzima. Mwaka 1931 Gödel alionyesha kwamba mfumo usio na mkinzano, wenye nguvu ya kutosha kubeba hesabu za namba nzima, hauwezi kuthibitisha usalama wake kwa nyenzo zake wenyewe. Pigo hilo linaangukia mradi wa Hilbert. Halimgusi vilevile yule anayesema hisabati ni alama na kanuni tu. Huyo ajibiwe kwa njia nyingine: kwamba sentensi fulani inapatikana kutokana na kanuni fulani ni ukweli kuhusu kanuni hizo, na ukweli huo hatuupangi sisi. Mtu hubuni kanuni, kisha hukuta zimezaa nini.

Msimamo ninaoutetea, na ambao mwanafunzi anaweza kuuweka kwenye sentensi yake ya kwanza, ni kwamba dhana na kanuni hubuniwa, na matokeo yake hugunduliwa, huku muintuisheni akibaki na haki ya kutenganisha kujua kwamba kitu kipo na kuwa nacho mkononi. Msimamo huo si uhalisia kamili, kwa sababu hauhitaji ulimwengu wa namba ulio nje ya nafasi na wakati. Mwaka 1973 Benacerraf aliuliza tungewezaje kujua chochote kuhusu vitu ambavyo havitugusi wala hatuvigusi, na mhalisia kamili bado analo deni hilo. Mwanafunzi alitaje pingamizi hili baada ya kuusifu uhalisia kwa habari ya 1929, asilitaje kabla, ili mtahini aone kwamba anaupima.

Pingamizi gumu zaidi dhidi ya msimamo wangu ni kwamba "kufuata kutokana na kanuni" kwenyewe kunategemea mantiki, na mantiki ndiyo inayobishaniwa: kanuni ya ama-ama ikiondolewa, baadhi ya matokeo hayafuati tena. Dakika tano za mwisho zitumike hapo. Mwanafunzi arudi kwenye jozi ya √2 na log_2 9, aonyeshe kwamba jibu hilo linasimama katika mantiki zote mbili, kisha aseme waziwazi kwamba dai lake la ugunduzi lina nguvu kamili kwa matokeo ya aina hiyo, na nguvu pungufu kwa yale yanayopatikana kwa njia ya ama-ama peke yake.