Tarehe Mbili za Kila Nukta: Namna ya Kulisoma Wingu la Ichimoku



Katika miaka ya 1930, mwandishi wa habari wa Tokyo aitwaye Goichi Hosoda alianza kubuni chati ambayo ingemwonyesha mtazamaji hali ya soko kwa kutupa jicho mara moja. Alitumia jina la kalamu la Ichimoku Sanjin, akasaidiwa na wanafunzi waliokokotoa kila kitu kwa mkono, na kitabu cha kwanza cha kuueleza mfumo huo hakikutoka hadi mwaka 1969. Siku hizi kompyuta huichora chati nzima papo hapo, na anayeitazama halazimiki tena kujua namba zimetoka wapi. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba kila nukta katika chati ya Ichimoku ina tarehe mbili: siku ilipokokotolewa na siku inapochorwa. Anayezichanganya tarehe hizo huona utabiri mahali ambapo pana kumbukumbu tu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa dola dhidi ya yeni, kwa chati ya siku. Leo soko limefunga kwenye 149.00. Katika siku 9 zilizopita bei ya juu kabisa ilikuwa 150.00 na ya chini kabisa 146.00. Mstari wa ugeuzi, yaani Tenkan, ni katikati ya namba hizo mbili: 148.00. Mstari wa msingi, Kijun, hukokotolewa vivyo hivyo kwa siku 26. Katika siku hizo kilele kilikuwa 150.00 na shimo 142.00, kwa hiyo Kijun iko 146.00.

Tenkan si wastani wa bei za kufunga. Wastani hubadilika kila siku kwa sababu kila siku huleta bei mpya. Tenkan hutazama ncha mbili tu, na ncha hizo zisipobadilika, mstari hulala bapa hata kama bei inapanda na kushuka katikati yake. Tenkan iliyolala inatuambia kwamba kwa siku 9 hakuna upande uliovunja mpaka wa mwenzake.

Kuna mtego hapa. Tuseme ile 146.00 ilitokea siku ya kwanza ya dirisha letu la siku 9. Kesho siku hiyo inatoka nje ya dirisha, na bei ya chini inayofuata ni 147.60. Kilele kikibaki 150.00, Tenkan itaruka kutoka 148.00 hadi 148.80. Mstari umepanda, ilhali soko halijasogea na hakuna mnunuzi aliyeongeza nguvu. Kilichotokea ni siku ya zamani kusahauliwa. Ili kujua unaona kupanda kwa namna gani, tazama kilele cha dirisha. Kama kimevunjwa na bei mpya, mstari unaeleza jambo la leo. Kama kimebaki palepale, unaeleza jambo la siku 9 zilizopita. Tahadhari hiyo hiyo inafaa pale Tenkan inapoikata Kijun kwenda juu, ishara ambayo wengi huikimbilia. Soko linaloyumba bila mwelekeo huzaa mikato ya aina hii tele, na mingi haifiki popote.

Sasa tuliendee wingu. Lina kingo mbili. Ukingo wa kwanza, Senkou A, ni katikati ya Tenkan na Kijun: kwetu sisi 147.00. Wa pili, Senkou B, ni katikati ya kilele na shimo la siku 52. Tukiwa na kilele cha 152.00 na shimo la 140.00, tunapata 146.00. Namba hizi mbili huchorwa siku 26 mbele. Kwa kuwa A iko juu ya B, programu italipaka wingu hilo la mbele rangi ya kupanda, na mtazamaji mgeni atadhani chati imetabiri mwezi ujao. Haijatabiri. Imechukua katikati za leo ikazisogeza kulia.

Wingu linalohusu bei ya leo ni lile lililo kwenye mshumaa wa leo, nalo lilikokotolewa siku 26 zilizopita. Wakati ule bei ilikuwa ikianguka. Dirisha la siku 52 lilikuwa bado linashika kilele cha 160.00 pamoja na shimo la 140.00, hivyo Senkou B ikawa 150.00. Tenkan ilikuwa 143.00 na Kijun 146.00, na Senkou A ikawa 144.50. Wingu la leo basi linaanzia 144.50 hadi 150.00, na bei yetu ya 149.00 imo ndani yake. Ilifika 150.00, ikagusa ukingo wa juu, ikarudi. Kwa hiyo Tenkan iko juu ya Kijun na wingu la mbele limegeuka, lakini bei haijatoka ndani ya mvutano wa zamani. Msomaji makini hasemi kwamba soko linapanda mpaka lifunge juu ya 150.00.

Unene nao una maana. Wingu la leo lina unene wa yeni 5.50, na la mbele yeni 1 tu. Wingu nene hutokana na pengo kubwa kati ya katikati ya muda mfupi na ile ya muda mrefu, na bei huhitaji safari ndefu kulivuka. Wingu jembamba huvukwa kwa urahisi, na kwa sababu hiyo hiyo kulivuka kunathibitisha machache.

Mstari wa mwisho ni Chikou, unaochelewa. Huu ni bei ya kufunga ya leo, 149.00, iliyochorwa siku 26 nyuma. Siku ile soko lilifunga kwenye 143.00, hivyo Chikou iko juu ya mishumaa ya wakati wake. Maana yake ni kwamba aliyenunua wakati ule leo ana faida ya yeni 6. Lakini kila siku inayopita, Chikou husogea kulia na kukutana na mishumaa ya siku zilizofuata, ambayo ilipanda hadi 150.00. Bei ikikwama kwenye 149.00, Chikou itazama ndani ya mishumaa hiyo bila soko kushuka hata kidogo, na hiyo ni dalili kwamba msukumo umekwisha.

Kwa wanafunzi wanaojaribu mbinu kwa kompyuta, hapa ndipo kosa zito hujificha. Kwa kuchora, Chikou huandikwa hivi:

```
chikou = close.shift(-26)
```

Mkiitumia safu hiyo kufanya uamuzi wa siku fulani, mmetumia bei ya siku 26 baadaye. Majaribio yataonyesha faida ya ajabu ambayo soko halisi halitatoa kamwe. Sharti sahihi ni hili:

```
close > close.shift(26)
```

Angalieni pia namna programu yenu inavyohesabu. Desturi ya Japani huihesabu siku ya leo kuwa ya kwanza, kwa hiyo wingu husogezwa nafasi 25. Programu nyingine husogeza 26 kamili. Tofauti ya mshumaa mmoja inatosha kuiweka bei ndani ya wingu au nje yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuuamini mstari wowote kati ya mistari hii, ulizeni kwanza: namba hii ilijulikana siku gani? Jibu likiwa ni baada ya siku mnayoamua, iondoeni. Likiwa ni mwezi mzima kabla yake, ipeni uzito wa kumbukumbu ya mwezi mzima, kisha subirini bei ya kufunga iseme neno lake.