Namba Ndiyo Vocha

Msikilizaji, tangazo la Wizara ya Kilimo umelisikia. Limesomwa asubuhi, mchana na usiku: mkulima aende ofisi ya kijiji ajiandikishe, na aliyekwisha kuandikishwa ahuishe taarifa zake, ndipo apate mbolea ya ruzuku. Hatutalirudia. Kinachotusumbua hapa studio ni neno moja lililopita mbio ndani ya tangazo hilo, nalo ni namba. Mkulima atapewa namba. Aende na namba kwa wakala. Basi, likaishia hapo.

Namba hiyo ndiyo vocha. Tuliseme tena polepole, maana wengi bado wanasubiri karatasi. Namba ndiyo vocha.

Mnaokumbuka mpango ulioanza mwaka 2008 mnakumbuka karatasi zile tatu: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya urea, moja ya mbegu, zinatosha ekari moja. Serikali ilibeba kama nusu ya bei na mkulima akaongeza iliyobaki. Palipoharibika ni hapo kwenye kuongeza. Mkulima asiye na fedha ya kujazia alikutana na mtu mkarimu, akatia sahihi karatasi zote tatu, akapewa noti mbili tatu za kununulia sukari. Mbolea hakuiona. Karatasi ikaenda benki ikiwa na sahihi yake, na kwenye vitabu ikasomeka kwamba amelima kisasa.

Sasa karatasi hakuna. Mtendaji anakuandika kwenye daftari: jina, kitambulisho, simu, zao, ekari. Taarifa zinaingizwa kwenye mfumo, na namba yako inakuja kwa ujumbe wa simu. Ukifika kwa wakala anaiingiza namba, mfumo unaonyesha wewe ni nani na unastahili kiasi gani, anaskani alama iliyobandikwa kwenye mfuko, unalipa bei ya ruzuku, unaondoka na mbolea na risiti. Pale mfuko unaposomwa kwa namba yako, serikali inahesabu kwamba fidia ya mfuko ule imekwenda kwako. Hakuna karatasi ya kutia sahihi.

Na ina thamani. Msimu wa 2022/23 mfuko wa urea wa kilo 50, uliokuwa umepanda hadi zaidi ya 120,000, ulishushwa kwa ruzuku hadi 70,000. Ile tofauti ya zaidi ya 50,000 ndiyo iliyojificha nyuma ya namba, kwa kila mfuko. Bei elekezi hubadilika msimu hadi msimu na wilaya hadi wilaya, lakini tofauti haijawahi kuwa hela ya karanga.

Tuchukue shangazi mmoja wa Rukwa, wa mfano tu, ingawa kila kijiji kinaye. Daftari linasema ana ekari mbili. Kwa mahindi yake, mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mmoja wa urea wa kukuzia kwa kila ekari, mfumo utamruhusu mifuko minne. Mwaka huu amekodi ekari ya tatu na hakuhuisha taarifa. Akifika dukani akaomba mifuko sita, mfumo utagoma kwenye ule wa tano, wala si wakala aliyemnyima. Hapo ataambiwa, "Shangazi, huna ndugu mwenye namba isiyotumika?" Ugonjwa unaanza hapo.

Jirani yake ana ekari moja, ila siku ya kuandikishwa alijiongezea zikawa tano, akidhani serikali inagawa bure kwa mwenye shamba kubwa. Ananunua mifuko yake miwili, anarudi nyumbani ameridhika. Ndani ya mfumo imebaki nafasi ya ekari nne, sawa na mifuko minane. Kwa hesabu ya msimu ule ni zaidi ya 400,000 za fidia zinazomngoja mtu yeyote anayejua namba yake. Yeye akipewa 5,000 ya soda anaona amepata. Mbolea hiyo itauzwa kwa bei ya sokoni kwa mtu asiyeandikishwa, pengine nje ya mpaka, na kwenye mfumo itasomeka kwamba jirani yetu ni mkulima hodari.

Mtauliza, kwa nini mtu amwambie mwingine namba yake? Kwa sababu wakala yuko mbali. Hili tumelisema kwenye kipindi hiki mpaka mafundi mitambo wanatabasamu wakituona, na leo tunalisema tena. Wakala yuko mjini. Shangazi yuko kijijini. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na kila mfuko unalipiwa kama abiria. Akifika siku ya kwanza anaambiwa mtandao hakuna, siku ya pili mzigo umekwisha. Siku ya tatu anamwita kijana wa bodaboda: "Mwanangu, namba yangu hii, na hela hii, niletee." Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini namba imeshatoka mdomoni, na aliyeiandika kwenye kiganja cha mkono hajulikani.

Wizara inasema wakulima waache kuuza namba. Sawa. Wakala asogezwe basi! Chama cha ushirika kina ghala pale kijijini, limejaa popo. Upeni ushirika mifuko uuze kwa mfumo huohuo, muone ni wangapi watamtuma bodaboda.

Kuna pia jambo la simu. Wazee wengi wameandikisha simu ya mtoto aliyeko Dar es Salaam kwa sababu yao huisha chaji. Ujumbe wenye namba unakwenda Dar es Salaam, mtoto anaufuta akidhani ni tangazo la bahati nasibu. Mzee anakaa mpaka Desemba akisema serikali imemsahau.

Msikilizaji, tuache kunung'unika kwenye vijiwe vya kahawa. Kesho asubuhi nenda ofisi ya kijiji. Usimuulize mtendaji kama jina lako lipo, atakuambia lipo. Mwambie afungue daftari, soma mstari wako mwenyewe: ekari ngapi? Simu ya nani? Kama umekodi, ziongezwe. Kama zimezidi, zipunguzwe, na usione haya. Ekari ya uongo ni mlango ulioachwa wazi. Kama mtendaji hayupo, rudi keshokutwa. Kama hayupo tena, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti, daftari liko wapi.

Ukifika dukani, simama uone mfuko wako ukiskaniwa. Hesabu: mifuko uliyobeba ni mingapi, iliyosomwa ni mingapi. Dai risiti, uisome kabla hujatoka mlangoni, bei yake na idadi yake. Ukiwa na mifuko miwili mkononi na risiti inasema sita, usitoke. Kaa hapohapo, mpigie afisa ugani, mpigie mtendaji, na wasipopokea tupigie sisi hapa redioni, tutapokea.