Kupima Zabuni kwa Alama: Maelezo kwa Kamati za Wanunuzi



Tumeombwa kueleza namna ambavyo kikundi cha wakazi kinaweza kuchagua kati ya wazabuni kwa jedwali la alama. Tuchukue mfano wa kamati inayonunua pampu ya kisima.

Kamati hiyo imepanga uzito wa vigezo vyake uwe 100 kwa jumla: bei 40, dhamana na vipuri 30, uzoefu 20, muda wa kukamilisha kazi 10. Bei haihitaji maoni ya mtu. Bei ya chini kabisa hugawanywa kwa bei ya mzabuni husika, kisha jibu huzidishwa kwa uzito. Vigezo vingine hupewa alama 1 hadi 5, na maana ya kila alama huandikwa mapema. Kwa mfano, alama 5 ya dhamana ni miaka miwili kwa maandishi na vipuri kupatikana mjini. Alama 1 ni ahadi ya mdomo.

Mzabuni wa kwanza anataka shilingi milioni 12, wa pili milioni 15. Kwa bei, wa kwanza anapata 40 na wa pili 32. Katika dhamana, wa kwanza ana alama 1 kati ya 5, yaani 6 kati ya 30. Wa pili ana alama 4, yaani 24. Uzoefu unawapa 12 na 16, muda 10 na 6. Jumla ni 68 kwa 78, na wa pili anashinda.

Sasa tazameni. Mtu akipendekeza, bahasha zikiwa zimekwisha kufunguliwa, kwamba bei iwe 60 na dhamana 10, jumla inakuwa 84 kwa 78, na wa kwanza anashinda bila kuongeza hata skrubu moja katika zabuni yake. Ndiyo maana uzito huandikwa katika tangazo la zabuni lenyewe, na muhtasari wa kikao huwekewa sahihi kabla bahasha hazijafunguliwa. Anayekataa sharti hilo aulizwe sababu.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana upesi. Akitokea wa tatu kwa milioni 6, bila leseni wala anwani, alama za bei za wawili wa mwanzo hushuka hadi 20 na 16. Tofauti yao ya 8 inabaki 4, ingawa wao hawajabadili neno. Kwa hiyo masharti ya lazima hukaguliwa kwanza kwa ndiyo au hapana, na asiyetimiza huondolewa kabla ya hesabu ya bei.

Kila mjumbe ajaze karatasi yake peke yake. Wawili wakitofautiana kwa zaidi ya alama mbili katika kigezo kimoja, msigawanye tu katikati; rudini kwenye nyaraka za mzabuni, kila mmoja aonyeshe ukurasa aliousoma.