Barua ya Kuiarifu Kampuni ya Bima Kwamba Nyumba ya Kuishi Imegeuzwa Kuwa Nyumba ya Wageni: Mada kwa Semina ya Wenye Nyumba wa Lamu



Kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kukata bima miaka mingi, sina haja ya kurefusha maneno juu ya maana ya ada na fidia. Yatosha kukumbushana kwamba badiliko kubwa la hatari ni lile ambalo, lau kampuni ingalilijua, lingaliathiri uamuzi wake wa kuikubali bima au kima cha ada yake. Nyumba ya familia ikianza kulaza wageni kwa malipo, badiliko hilo limekwisha kutokea, maana wanaolala humo hawaijui ngazi gizani, na jiko huwaka tangu alfajiri hata usiku.

Suala ninalotaka kulikalia, ambalo limenishughulisha miaka na miaka, ni la mtu aliyeandika barua, akapigiwa muhuri wa kupokelewa, kisha akalala usingizi wa raha. Mikataba mingi ya bima ya moto iliyofuata mtindo wa zamani wa Kiingereza ina sharti ambalo muhtasari wake ni huu: matumizi ya jengo yakibadilika hata hatari ikazidi, bima ya mali hiyo husita, isipokuwa mwenye mkataba amepata, kabla ya hasara kutokea, idhini ya kampuni iliyotiwa katika mkataba wenyewe. Sharti hili haliulizi kama barua ilifika; lauliza kama idhini ilitolewa.

Natoa mfano wa kubuni, nao wafanana na mengi niliyoyaona. Nyumba ya mawe na chokaa, yenye dari ya boriti za mikoko, imekatiwa bima ya shilingi 12,000,000 kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba, kwa matumizi ya makazi. Mwenyewe aezeka makuti juu ya sakafu ya paa, aweka jiko la gesi chini yake, na kuanzia 1 Julai akodisha vyumba vitano. Tarehe 20 Juni alikuwa amempelekea dalali wa bima barua ya mstari mmoja: "Naanza biashara ndogo nyumbani." Hakujibiwa, wala hakuuliza. Mwezi wa Septemba moto waanza jikoni, makuti yateketea, na kampuni yakataa kulipa.

Barua ile ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, haikutaja wageni, makuti wala gesi, na kwa hiyo haikumpa mkadiriaji chochote cha kukadiria. Pili, ilikomea kwa dalali, ambaye aghalabu ni wakili wa mkata bima, si wa kampuni. Mwanasheria aweza kudai kwamba kampuni iliyojua ikanyamaza imeridhia, na pengine hoja hiyo itashinda. Lakini hiyo ni hoja ya mahakamani, na mwenye paa lililoungua hana wasaa wa mahakama.

Tutazame gharama iliyokwepwa bila ya kukusudiwa. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kiwango cha makazi ni asilimia 0.15 na cha nyumba ya wageni yenye makuti ni asilimia 0.35. Tofauti kwa mwaka ni shilingi 24,000, na kwa siku 184 zilizobaki ni takriban shilingi 12,100.

Sisemi kwa niaba ya kampuni yoyote, na kila mtu na asome mkataba wake. Hata hivyo napendekeza haya:

1. Barua iandikwe kabla ya mgeni wa kwanza kuingia, wala isingojee bima kuhuishwa.

2. Ielekezwe kwa kampuni yenyewe, kwa idara inayokubali bima, na nakala kwa dalali.

3. Itaje nambari ya mkataba, tarehe ya badiliko, idadi ya vyumba na idadi ya juu kabisa ya wageni, aina ya paa, jiko, nyaya za umeme, vizima-moto, na nani hulala humo usiku.

4. Iombe kwa maneno bayana: "Tafadhali nipeni idhini yenu kwa nyongeza ya mkataba iliyotiwa saini, na mnijulishe kwa maandishi kama bima inaendelea wakati mnapotafakari."

5. Iulize pia juu ya dhima kwa mgeni aumiaye na juu ya mali yake, kwani bima ya moto ya jengo haitoshi kwa hayo.

6. Ada ya nyongeza ilipwe mara itakapotajwa, na risiti ihifadhiwe.

7. Jibu likichelewa, barua ya pili iandikwe. Na kampuni ikikataa, itafutwe nyingine kabla ya kulaza wageni.

8. Kampuni nazo zisiruhusu muhuri wa kupokelewa utoke bila ya tarehe ya kutoa jibu.

9. Narudia, kwa kuwa ndilo lisahauliwalo: mwenye nyumba asilaze mgeni yeyote kabla hajaishika nyongeza ya mkataba mkononi, akasoma kwamba matumizi yaliyoandikwa ni "nyumba ya wageni".