Jumla ya Alama au Wastani wa Asilimia? Mada kwa Walimu wa Taaluma wa Shule za Sekondari, Masasi na Newala



Nianze moja kwa moja na wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu wanaosoma darasa moja. Ni wa mfano, lakini alama zao ni za aina tunayoiona kila muhula. Muhula huu wamefanya Hisabati mara tatu: jaribio la alama 20, jaribio la alama 30, na mtihani wa muhula wa alama 100. Kijana amepata 18, 15 na 55. Binti amepata 8, 18 na 68. Mwalimu wa somo anakuletea karatasi, nawe unatakiwa ujaze mkeka wa matokeo: nani ametangulia, na kila mmoja ana daraja gani?

Walimu wengi tutageuza kwanza kila alama iwe asilimia. Kijana ana 90, 50 na 55. Tukijumlisha tunapata 195, na tukigawa kwa 3 tunapata 65. Kwa viwango vinavyotumika kwenye mtihani wa Kidato cha Nne, ambapo B inaanzia 65 na C inaanzia 45, kijana ana B. Binti ana 40, 60 na 68, wastani wake ni 56, yaani C. Kijana yuko mbele kwa pointi 9.

Sasa tuache asilimia, tujumlishe alama zenyewe. Kijana ana 88 kati ya 150, sawa na asilimia 58.7. Binti ana 94 kati ya 150, sawa na asilimia 62.7. Binti ametangulia, na B ya kijana imekuwa C. Hakuna aliyekosea kujumlisha, wala hakuna aliyeongezewa au kupunguziwa alama. Karatasi ni zilezile, lakini mshindi amebadilika. Mzazi mmoja akiletewa ripoti iliyojazwa kwa njia ya kwanza, na jirani yake akaletewa iliyojazwa kwa njia ya pili, watafika ofisini kwako wakidai maelezo, na watakuwa na haki ya kudai.

Sababu iko kwenye thamani ya alama moja. Katika jaribio la alama 20, swali la alama moja ni asilimia 5 ya jaribio. Ukigawa kwa karatasi tatu, alama hiyo inachangia takribani pointi 1.67 kwenye wastani. Katika mtihani wa alama 100, alama moja ni asilimia 1 tu, na baada ya kugawa kwa tatu inachangia pointi 0.33. Kwa hiyo anayetumia wastani wa asilimia ameamua, ajue asijue, kwamba alama moja ya jaribio dogo ina uzito wa alama tano za mtihani wa muhula. Anayejumlisha alama ameamua kwamba kila alama ina uzito uleule popote ilipopatikana, yaani sehemu moja ya 150.

Tunaweza kuliona jambo hili kwa upande mwingine. Chukua asilimia za kijana, na badala ya kuzigawa kwa tatu, zidisha kila moja kwa ukubwa wa karatasi yake: 90 mara 20 ni 1,800, 50 mara 30 ni 1,500, 55 mara 100 ni 5,500. Jumla ni 8,800. Gawa kwa 150, unapata 58.7, jibu lilelile la kujumlisha alama. Kujumlisha alama basi nako ni kutafuta wastani wa asilimia, ila ni wastani unaoipa kila karatasi uzito kulingana na ukubwa wake. Njia hizi mbili hutofautiana kwa uzito tu.

Wakulima wa huku wanaijua hesabu hii vizuri. Tuseme mkulima wa Newala ameuza kupitia chama chake cha msingi kilo 100 za korosho kwa shilingi 4,000 kwenye mnada mmoja wa TANECU, kisha kilo 500 kwa shilingi 3,400 kwenye mnada unaofuata. Ukimwambia kwamba kwa wastani ameuza kwa shilingi 3,700, atakukatalia, kwa sababu mkononi ana shilingi 2,100,000 za kilo 600, yaani 3,500 kwa kilo. Bei ya kilo 100 haiwezi kuwa na sauti sawa na bei ya kilo 500.

Ni lini njia hizi mbili zinatoa jibu moja? Zinapatana pale karatasi zote zina jumla sawa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo 6, kila moja alama 50, jumla 300. Pale ujumlishe alama au utafute wastani wa asilimia, matokeo hayabadiliki, na nadhani ndiyo maana wengi wetu tulizoea wastani bila kuuliza maswali. Zinapatana pia kwa mwanafunzi aliyepata asilimia ileile kwenye kila karatasi. Nje ya hapo, kwa kawaida tofauti hutokea, na upande inakoelekea unaweza kuukisia kwa macho. Tazama karatasi kubwa kuliko zote. Mwanafunzi aliyefanya vibaya kwenye hiyo kuliko kwenye ndogo atashuka ukijumlisha alama, na aliyefanya vizuri zaidi atapanda. Kijana wetu alipata 90 kwenye karatasi ndogo, binti alipata 68 kwenye kubwa. Kila mmoja ana njia inayompendelea.

Ndiyo maana napinga tabia ya kuchagua njia baada ya kuona alama. Shule ikiona kwamba njia ya asilimia inaongeza idadi ya B, ikaichagua kwa sababu hiyo, haijapima mwanafunzi.

Ipi basi ni sahihi? Inategemea unachotaka ripoti iseme. Kama karatasi zote ni za aina moja, maswali yanafanana, na alama moja inawakilisha kazi inayokaribiana, jumlisha alama. Mtihani wa muhula umegusa mada nyingi, una maswali mengi, na bahati ya swali moja haiwezi kumpandisha wala kumshusha mtu sana. Jaribio la alama 20 lenye maswali manne linaweza kumpa mtoto asilimia 90 kwa sababu mada mbili alizozisoma jana ndizo zilizotoka. Kwa somo la kawaida, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Lakini kuna hali ambapo jumla ya karatasi haina uhusiano na kazi iliyomo. Insha ya Kiswahili ya alama 20 inaweza kumchukua mwanafunzi muda na fikra sawa na karatasi ya alama 100 ya kuchagua herufi. Hapo kujumlisha kunaizamisha insha bila sababu, na wastani wa asilimia ni wa haki zaidi.

Njia ya tatu ni kupanga uzito kabla ya muhula kuanza. Tuseme shule imeamua majaribio yabebe 30 na mtihani wa muhula ubebe 70. Kijana ana 33 kati ya 50 kwenye majaribio, yaani asilimia 66, ambayo inampa 19.8, mtihani unampa 38.5, jumla 58.3. Binti anapata 15.6 na 47.6, jumla 63.2. Angalieni hapa: nimejumlisha alama za majaribio mawili kabla ya kutafuta asilimia. Ningechukua wastani wa 90 na 50, kijana angekuwa na 70 badala ya 66, na jumla yake ingekuwa 59.5. Swali letu limerudi ndani ya sehemu ya majaribio, kwa hiyo kanuni ya shule lazima ilijibu huko pia.

Sasa nigusie kompyuta, maana humo ndimo makosa mengi yanajificha. Tuseme kwenye Excel mstari wa 2 una jumla za karatasi, yaani 20, 30 na 100, kwenye safu B, C na D, na mwanafunzi yuko mstari wa 3. Alipata 16, hakufanya jaribio la pili kwa sababu alikuwa mgonjwa, kisha akapata 60. Seli yake ya C3 iko tupu. Ukitafuta asilimia kwa kuandika =C3/C$2, Excel inaichukua seli tupu kama sifuri, na wastani wa mtoto unakuwa 46.7, kana kwamba alikaa kwenye chumba cha mtihani akakosa kila swali. Ukijumlisha alama na kugawa kwa 150, anapata 50.7, bado ameadhibiwa. Ukiliacha kabisa lile jaribio na kutafuta wastani wa 80 na 60, anapata 70, na ana B. Ukijumlisha alama zake 76 na kugawa kwa 120 alizofanyia kazi, anapata 63.3. Mtoto mmoja, majibu manne. Kwa anayejumlisha alama, fomula inayogawa kwa karatasi zilizofanywa tu ni hii:

```
=SUM(B3:D3)/SUMIF(B3:D3,">=0",B$2:D$2)
```

Anayetumia wastani wa asilimia aandike hivi kwenye safu ya asilimia, ili seli tupu ibaki tupu:

```
=IF(C3="","",C3/C$2)
```

Aliyetoroka mtihani bila sababu aandikiwe 0 kwa mkono, ili kompyuta isimchanganye na mgonjwa.

Kosa la kutafuta wastani wa asilimia bila kujali uzito linapanda hadi kwenye takwimu za ufaulu. Shule moja ina watahiniwa 20, wamefaulu 18, asilimia 90. Nyingine ina watahiniwa 100, wamefaulu 50, asilimia 50. Wastani wa asilimia hizo ni 70, lakini waliofaulu ni 68 kati ya 120, yaani asilimia 56.7. Mkoa wetu wa Mtwara una halmashauri 9, na Masasi na Newala kila moja ina halmashauri ya mji na ya wilaya, zenye idadi tofauti za watahiniwa. Anayejumlisha asilimia za halmashauri na kugawa kwa 9 hatapata ufaulu wa mkoa. Aombe idadi ya waliofaulu na idadi ya waliofanya, ajumlishe zote mbili, ndipo agawe.

Ombi langu kwenu, walimu wa taaluma: kabla shule hazijafunguliwa kwa muhula ujao, kila shule iandike kanuni yake kwa sentensi moja chini ya fomu ya ripoti, na kwenye fomu hiyo alama halisi na jumla ya kila karatasi zionekane pembeni ya asilimia. Mzazi wa Lukuledi au Kitangari mwenye kalamu aweze kufanya hesabu ya mtoto wake na kupata jibu mlilompa.